Barua ya kupandisha kodi ya nyumba: Sababu zihesabike, muda utoshe

Karatu. Katika nyumba nyingi za kupanga mjini Karatu, taarifa ya kupanda kwa kodi haiji kwa barua. Huja kwa mdomo, tena siku ile ile mpangaji anapopeleka fedha. Mwenye nyumba anapokea, anahesabu, halafu anasema kuanzia sasa chumba kimepanda. Mpangaji aliyekuja na Sh150,000 ya miezi mitatu anaambiwa inatakiwa Sh210,000. Anabaki na njia mbili: kukopa au kuanza kutafuta chumba kingine.

Ugomvi unaofuata mara nyingi hausababishwi na kiasi kilichoongezwa. Unasababishwa na mambo mawili ambayo barua ya ukurasa mmoja ingeyamaliza, yaani sababu ambazo mpangaji anaweza kuzihesabu mwenyewe na muda wa kutosha wa kujiandaa.

Barua hiyo ina kanuni zake. Mwenye nyumba akizifuata hupata kodi yake bila kukimbiwa na wapangaji wazuri. Mpangaji akizijua hutambua ongezeko lipi ni la haki na lipi anaweza kulikataa.

Serikali haipangi kodi, mkataba ndio unaopanga

Wapo wapangaji wanaoamini kuwa kuna ofisi ya Serikali inayoweka kiwango cha juu cha kodi. Imani hiyo ina historia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya kodi na kumlinda mpangaji dhidi ya ongezeko la kiholela. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005.

Tangu hapo, kodi ni makubaliano ya pande mbili, na kinachosimamia mahusiano yao ni mkataba wao pamoja na Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999.

Hii haina maana kwamba mwenye nyumba anaweza kupandisha wakati wowote anapotaka. Kama mkataba ni wa mwaka mmoja na umetaja kodi, kodi hiyo inabaki ile ile hadi mwaka uishe, isipokuwa mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachoruhusu kupandisha katikati. Kabla ya kuandika barua yoyote, mwenye nyumba anapaswa kuusoma mkataba wake. Mpangaji naye, akipokea barua, jambo la kwanza ni kufungua mkataba wake na kuangalia tarehe ya mwisho.

Ugumu uko kwa wale wasio na mkataba wa maandishi, au ambao mkataba wao uliisha zamani wakaendelea kukaa na kulipa kama kawaida. Kwa hao Sheria ya Ardhi ina jibu. Upangaji usio na muda maalumu huhesabika kwa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa. Anayelipa kila mwezi ana upangaji wa mwezi kwa mwezi. Anayelipa miezi mitatu ana upangaji wa miezi mitatu mitatu.

Upande unaotaka kuuvunja upangaji huo unatakiwa kutoa notisi isiyo fupi kuliko kipindi hicho, na notisi hiyo iishie katika siku ya kulipa kodi.

Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya kuvunja upangaji, lakini ndiyo pia kipimo cha barua ya kupandisha kodi. Mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa kweli anasema kwamba makubaliano ya zamani yanaisha na haya mapya yanaanza. Mpangaji akikataa, njia ya mwenye nyumba ni kuvunja upangaji kwa notisi halali. Kwa hiyo barua inayotoa muda mfupi kuliko kipindi cha malipo haimsaidii chochote, kwani akifika mbele ya baraza ataambiwa aanze upya.

Hesabu ya siku inaanzia nyuma

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitano mjini Karatu. Kila chumba hulipiwa Sh50,000 kwa mwezi, na wapangaji hulipa kila baada ya miezi mitatu, yaani Januari 1, Aprili 1, Julai 1 na Oktoba 1. Mama mwenye nyumba anataka kodi mpya ianze Julai 1.

Hesabu yake inaanzia Julai 1 na kurudi nyuma miezi mitatu. Barua lazima iwe mikononi mwa wapangaji kabla ya Aprili 1. Akiipeleka Machi 18, yuko salama, tena amewaongezea karibu wiki mbili.

Akichelewa akaipeleka Aprili 5, miezi mitatu inaishia Julai 5, wakati siku ya kulipa imeshapita. Kodi mpya sasa haiwezi kuanza hadi Oktoba 1. Siku tano za uzembe zinamgharimu miezi mitatu.

Kwa anayelipa kila mwezi, kipimo cha chini ni mwezi mmoja kamili. Lakini mwezi mmoja ni muda wa kutosheleza sheria, si muda wa kutosheleza familia. Kuhama kunahitaji kutafuta chumba, kutafuta kodi ya miezi mitatu au sita ya kuanzia, na kukodi gari la kubebea vyombo. Mwenye watoto anafikiria na shule. Ndiyo sababu miezi mitatu ni muda unaofaa hata kwa wapangaji wa mwezi kwa mwezi.

Karatu ina miezi yake

Kuna jambo jingine ambalo mwenye nyumba wa Karatu hapaswi kulisahau, nalo ni msimu wa watalii. Mji huu upo kwenye barabara ya kuelekea lango la Lodoare, linaloingiza wageni katika Hifadhi ya Ngorongoro. Wapishi, wahudumu wa loji, madereva na wapagazi ni sehemu kubwa ya wanaopanga vyumba hapa.

Mvua za masika zinapokolea, Aprili na Mei, wageni hupungua. Baadhi ya loji na kambi hupunguza wafanyakazi au kuwapa likizo bila malipo. Kuanzia Juni wageni hurudi, na pamoja nao mishahara na bahashishi.

Kodi mpya inayoanza Aprili inamkuta mpangaji katika miezi yake mikavu. Inayoanza Januari inakutana na sare, madaftari na michango ya shule, mara tu baada ya sikukuu. Inayoanza Julai ina nafuu. Muhula wa pili wa shule nao huanza mwezi huo, lakini mzigo wake si kama wa Januari, na wanaotegemea utalii wameshaanza kupata kitu.

Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kuchagua Julai. Ni hesabu tu: ongezeko linaloanza wakati watu wana fedha hulipwa, na linaloanza wakati hawana huzaa madeni.

Upande wa Ngorongoro hali ni tofauti. Ndani ya eneo la hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1959, ujenzi wa nyumba za kudumu unadhibitiwa na Mamlaka ya Hifadhi, kwa hiyo hakuna soko la vyumba vya kupangisha kama la mjini. Watumishi wengi hukaa katika nyumba za waajiri wao au hupanga Karatu.

Soko la kupanga liko nje ya hifadhi, katika miji kama Wasso na Loliondo, ambako walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri hutafuta vyumba. Huko nyumba za kupanga ni chache, na aliyekosa chumba hawezi kuhamia mtaa wa pili kirahisi. Kwa sababu hiyo notisi ndefu ina thamani kubwa zaidi Wasso kuliko Karatu.

Sababu zipi zinasimama, zipi zinaanguka

Sababu inayotajwa zaidi katika kupandisha kodi ni "hali ya maisha imepanda". Ni kweli, lakini imepanda kwa mpangaji pia. Sababu ya aina hii ina maana pale tu inapowekwa kwenye namba.

Kwa takwimu za Serikali, mfumuko wa bei nchini katika miaka ya 2020 hadi 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4.5 kwa mwaka. Tuseme kodi ya Sh50,000 haijaguswa kwa miaka mitatu. Ikipandishwa kwa asilimia 4 kila mwaka inafika takriban Sh56,200. Anayeipeleka Sh70,000 kwa sababu ya bei za vitu peke yake ameongeza asilimia 40, na hesabu haimuungi mkono.

Sababu ya pili ni matengenezo, na hapa panahitaji uangalifu. Sheria ya Ardhi inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine.

Paa linalovuja linaleta unyevunyevu na ukungu ukutani, na ukungu huo humsumbua mtoto mwenye pumu usiku kucha. Shimo la choo lililojaa na kufurika uani linaleta magonjwa ya kuhara. Kuyarekebisha hayo ni wajibu ambao kodi ya sasa tayari inaulipia. Mwenye nyumba hawezi kuliziba paa kisha akapeleka risiti ya mabati kwa wapangaji kama sababu ya ongezeko.

Kinachoweza kuongezwa ni kitu kipya, ambacho mpangaji hakuwa nacho: tangi la maji ambalo halikuwapo, mita ya umeme ya kila chumba, choo cha ndani mahali palipokuwa na choo cha nje. Gharama hiyo hugawanywa kwa miaka ambayo kitu hicho kitatumika, kisha kwa idadi ya vyumba.

Sababu ya tatu ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Lakini katika nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo yeye ndiye anayekatwa.

Mwenye nyumba anayeitaja kodi ya jengo kama sababu ya kupandisha, wakati wapangaji ndio wanaoilipa kwenye umeme, anawatoza mara mbili. Hata kama angekuwa anailipa mwenyewe, Sh1,500 ikigawanywa kwa vyumba vitano ni Sh300 tu kwa kila chumba.

Hesabu ya nyumba ya vyumba vitano

Turudi kwa mama mwenye nyumba wa mfano wetu. Wazo lake la kwanza lilikuwa Sh70,000. Anakaa chini na daftari.

Ameweka simtanki la lita 5,000 na mabomba ya kukinga maji ya mvua, na vyote pamoja na msingi wa tangi vimemgharimu Sh1,500,000. Anakadiria vitumike miaka mitano, yaani miezi 60. Hiyo ni Sh25,000 kwa mwezi, na kwa vyumba vitano ni Sh5,000 kwa kila chumba.

Gari la kunyonya maji taka huja mara mbili kwa mwaka kwa Sh150,000 kila safari. Hadi sasa wapangaji walikuwa wakichangishana Sh30,000 kila mmoja shimo likijaa, na kwa kuwa mmoja wao huwa hana, gari huchelewa na uchafu hufurika. Anaamua alipe mwenyewe kwa wakati na kuingiza gharama hiyo kwenye kodi. Sh300,000 kwa mwaka ni Sh25,000 kwa mwezi, nayo ni Sh5,000 kwa chumba.

Paa alilolirekebisha kwa Sh600,000 halihesabu, kwa kuwa ni wajibu wake. Kodi ya jengo haihesabu, kwa kuwa inakatwa kwenye umeme wa wapangaji.

Jumla ni Sh10,000. Kodi inakuwa Sh60,000, si Sh70,000. Na kwa mpangaji, Sh5,000 kati ya hizo alikuwa akizitoa tayari kwa njia ya mchango, kwa hiyo ongezeko halisi ni Sh5,000 kwa mwezi.

Sasa anaweza kuandika.

*Karatu, 18 Machi 2025*

*Kwa mpangaji wa chumba namba 3.*

*YAH: TAARIFA YA MABADILIKO YA KODI YA CHUMBA*

*Salamu. Napenda kukutaarifu kuwa kodi ya chumba unachokaa itabadilika kutoka Sh50,000 kwa mwezi kuwa Sh60,000 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Kodi ya Aprili hadi Juni utalipa kwa kiwango cha sasa. Kodi haijabadilika tangu Julai 2022.*

*Sababu ni mbili. Ya kwanza ni tangi la maji la lita 5,000 na mabomba ya kukinga mvua, yaliyogharimu Sh1,500,000. Nimezigawanya kwa miaka mitano na kwa vyumba vitano, nayo inakuwa Sh5,000 kwa mwezi. Ya pili ni kunyonya maji taka mara mbili kwa mwaka kwa Sh300,000, ambayo ni Sh5,000 kwa mwezi kwa chumba. Kuanzia Julai hakutakuwa tena na mchango wa kunyonya choo. Risiti ninazo, unakaribishwa kuziona.*

*Sitabadilisha kodi tena kabla ya Julai 2027.*

*Ukiwa na maoni au ukihitaji kulipa kidogo kidogo, naomba tuzungumze kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukiamua kuhama, naomba unijulishe kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Mei.*

*Nashukuru kwa kunitunzia nyumba.*

*Mwenye nyumba (jina, sahihi na namba ya simu)*

*Nimepokea nakala ya barua hii: (jina la mpangaji, sahihi na tarehe)*

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaoamua kesi. Bila sahihi na tarehe ya kupokea, mpangaji anaweza kusema aliipata Juni, na mwenye nyumba hana la kujibu. Kama mpangaji hayupo au anakataa kusaini, barua ikabidhiwe mbele ya balozi au mwenyekiti wa kitongoji, naye aandike jina lake na tarehe. Ujumbe wa simu usaidie kukumbusha tu, usichukue nafasi ya barua.

Kwa mpangaji, barua hiyo ina maana kwamba Julai 1 atatoa Sh180,000 badala ya Sh150,000. Kutoka Machi 18 hadi Julai 1 ni wiki 15. Akiweka Sh2,000 kila wiki, tofauti ya Sh30,000 itakuwa imepatikana kabla ya siku yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya notisi.

Mpangaji asipokubali

Mpangaji hapaswi kukaa kimya. Akilipa kodi mpya bila kusema neno, atakuwa ameikubali kwa vitendo. Kama anaona sababu hazisimami, ajibu kwa maandishi ndani ya siku chache, aeleze ni kipengele gani anachokipinga na ni kiasi gani anachoona ni sawa, na abaki na nakala. Mwenye nyumba mwenye risiti hatakasirika kuulizwa.

Wakati mazungumzo yanaendelea, mpangaji aendelee kulipa kodi ya zamani kwa wakati na kudai stakabadhi. Anayeacha kulipa kabisa kwa sababu ya hasira anampa mwenye nyumba sababu nyingine, iliyo halali zaidi, ya kumtoa.

Mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kubadilisha kufuli, kung'oa mlango, kukata maji au kutoa vyombo nje ili kumlazimisha mpangaji akubali. Sheria inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa.

Wakishindwana, hatua ya kwanza ni uongozi wa kitongoji au mtaa, kisha usuluhishi katika Baraza la Kata. Baraza hilo sasa linapatanisha tu, haliamui. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mwenye kesi ataulizwa karatasi tatu: mkataba, stakabadhi za kodi na barua ya notisi yenye tarehe ya kupokelewa.

Asiye na mkataba wa maandishi ajitahidi angalau kuwa na hizo mbili za mwisho. Stakabadhi zinaonyesha kipindi cha malipo, na kipindi cha malipo ndicho kinachoonyesha kama notisi ilikuwa ndefu vya kutosha.